Vigingi vya Marehemu

Watu wa saiti walikuwa wamekubaliana, bila kikao wala barua, kwamba vigingi vile havishikwi. Kibarua akipita na toroli anavizunguka. Dereva wa katapila, mtu mwenye mdomo mchafu kuliko spana zake, akivikaribia anapunguza moto na kunyamaza kimya. Na vilikuwa vigingi vya mbao tu, jamani, vimepakwa rangi nyekundu kichwani na kuandikwa namba kwa wino mzito, vimepangwa ubavuni mwa kilima kwa mstari mmoja mrefu. Lakini mkono ulioziandika namba zile ulikuwa umeshazikwa, na kila asubuhi vigingi vilikutwa vimesimama wima, utadhani mwenyewe kapita kuvikagua.

Mwenyewe alikuwa mpima ardhi. Alivipiga mwaka uliopita, mradi wa zahanati ulipoanza, na wiki chache baadaye pikipiki ikamtupa kwenye barabara ya mawe, asiamke tena. Mradi ukasimama. Ulipofufuka ukakabidhiwa mkewe, ambaye ni injinia, na kila mtu alimwita hivyo hivyo tu, Injinia, hata muuza maji wa getini. Waliompa kazi walimuuliza kama ataweza kufanya kazi mahali pale. Alisema ataweza. Hakuwaambia kwamba angekubali hata kwa nusu mshahara, ili awe anapita pale vigingi vilipo.

Sasa ieleweke ile kazi ilikuwaje, maana mambo yote yalitokea humo. Kilima kilikuwa kinakatwa ngazi mbili kubwa za kubeba majengo, na mvua kubwa zilikuwa zinakaribia. Ukikata kilima ukakiacha uchi, mvua haikuhurumii: inabeba udongo mzimamzima na kuushusha kwa watu. Kwa hiyo Injinia aliandika mpango wa kuzuia mmomonyoko na tope, akaupigania kila mstari. Juu kabisa mtaro wa kukinga, ili maji ya kileleni yageuzwe pembeni kwenye korongo lenye mawe, yasiguse udongo uliokatwa. Ubavuni, kila sehemu ikimalizika ifunikwe majani makavu na kupandwa nyasi papo hapo, isingojee nyingine. Chini, uzio wa kitambaa uliofukiwa miguu ardhini, wa kuchuja maji yanayotiririka taratibu. Na chini zaidi bwawa la kutuliza tope, maji yakae humo, udongo uzame, yatoke yakiwa meupe. Vigingi vya marehemu ndivyo vilivyoonyesha mtaro wa juu upite wapi, na ulichimbwa ukivifuata, vyenyewe vikabaki kwenye ukingo wake wa chini.

Na baada ya bwawa, hatua chache tu, palikuwa na nyumba ya bati yenye ua wa miti. Humo alikaa mama yake marehemu, peke yake. Hiyo ndiyo nyumba ambayo Injinia aliiona kila alipofumba macho. Mpango ule ulikuwa na michoro mingi na saini nyingi, lakini kwake ulikuwa na maana moja, kwamba mama mkwe alale salama.

Msimamizi wa saiti walimpa jina la Kesho, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Karatasi ya nailoni ya kutandika kwenye mtaro? Kesho. Mawe ya mdomo wa mtaro? Kesho, Injinia, lori lina pancha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na roho nzuri na meno mazuri, na alitumia vyote viwili kukwepa kazi.

"Ule udongo wa juu mbona uko pale?" Injinia alimuuliza siku moja, akinyoosha kidole kileleni. Kwenye mpango, udongo wa rutuba uliokwanguliwa ulipaswa kurundikwa kwenye tambarare karibu na geti, ufunikwe turubai, ungoje kurudishwa nyasi zikipandwa. Kesho alikuwa ameurundika juu ya mtaro, mlima mdogo juu ya mlima.

"Kwa muda tu, Injinia. Mafuta yamepanda bei, kule getini ni mbali. Wiki hii naushusha."

"Unakandamiza kilima kichwani, Kesho. Na chini umeshakikata miguu."

"Kilima hiki?" Akacheka. "Kilima hiki kina mlinzi wake. Si unaona vigingi? Vimvua vya juzi vimepita, hata kimoja hakijacheza. Marehemu anatufanyia kazi bure, na sisi wenye mishahara tunasinzia."

Wengine wangemkemea. Injinia aligeuka kutazama vigingi, na uso wake ukawa na kitu ambacho Kesho alikiona, akajuta kutania. Maana ukweli, na tuuseme, ni kwamba Injinia naye aliamini. Msomi mzima, mwenye muhuri wake! Kila asubuhi alipopanda pale juu kukagua, kabla hajatazama kitu kingine, aliinama kwenye kigingi cha kwanza na kusema kwa sauti ndogo, "Umeamkaje, bwana wangu." Halafu anatazama mstari wote, anaona ulivyosimama, na moyo unatulia. Marehemu alikuwa hawezi kuvumilia kitu kilichopinda. Hata picha ukutani ikikaa upande, alikuwa anaamka mezani katikati ya chakula kuinyoosha. Nani mwingine angevinyoosha vigingi vile? Walinzi wa saiti waliapa hawakanyagi kule. Basi Injinia alisaini ukaguzi, mtaro uko sawa, akashuka.

Na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu alikagua kwa moyo, na levo, kile chombo cha kupimia usawa, ikabaki kwenye mkoba wake.

Halafu yakaja manyunyu mawili mfululizo, yale ya kupima watu akili kabla ya mvua zenyewe. Asubuhi ya pili Injinia aliwahi kuliko kawaida, kutazama kama mtaro umepitisha maji. Jua lilikuwa bado halijatoka vizuri na ukungu ulikuwa umelala kileleni. Akapanda akiteleza. Alipokaribia juu akasikia sauti. Ko. Ko. Jiwe likigonga mbao, polepole, kwa uangalifu.

 Alitaka kukimbia, na alitaka kukimbilia kule kule sauti ilikotoka, yote kwa pamoja, miguu ikakataa vyote viwili. Akaliita jina la mumewe. Ko, ikajibu. Kwenye ukungu aliona mtu ameinama, ameshika kigingi kwa mkono mmoja kwa namna mtu anavyomshika mtoto kidevu, na mkono mwingine unagonga.

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Usipige kelele, utawaamsha walinzi."

Alikuwa mama mkwe, amejifunga shuka, miguu imejaa tope hadi magotini.

Injinia alikaa chini palepale kwenye majani mabichi. Alilia, na asidanganye mtu kwamba ni kwa hofu. Alilia kwa sababu kwa miezi yote ile alidhani ni mumewe, na sasa alikuwa amefiwa mara ya pili.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Navinyoosha." Mama alisema hivyo kwa wepisi, mtu anayesema anafagia uani. "Kila siku vinalala. Mwanangu alikuwa hapendi vitu vilivyopinda, wewe unajua. Sasa viachwe hivyo, watu waseme kazi yake ilikuwa mbovu?"

"Kila siku vinalala?"

"Zamani kwa wiki mara moja. Siku hizi kila siku."

"Vinalala upande gani, Mama?"

Mama mkwe alitazama chini, kwenye bati lake lililokuwa likianza kuonekana ukunguni. Akatabasamu. "Kwangu. Vyote vinaniinamia mimi. Anamsalimia mama yake."

Injinia aliacha kulia. Baridi iliyomwingia sasa haikuwa ya ukungu. Alisimama, akafungua mkoba, akatoa levo na miguu yake mitatu, akaisimika juu ya alama ya zege ambayo mumewe aliimwaga kwenye mwamba, mbali na udongo wowote unaoweza kucheza. Akapima kigingi kimoja kimoja, akirudia kusoma mara mbili. Vya pembeni vilikuwa mahali pake. Vya katikati vilikuwa wima, ndiyo, vizuri kabisa, lakini havikuwa vimesimama pale marehemu alipovisimamisha. Vilikuwa vimeteremka shubiri nzima na zaidi. Mstari uliopaswa kufuata usawa ulikuwa umetoka tumbo.

Na mtaro nao ulikuwa umeteremka pamoja navyo. Mteremko wake mdogo wa kupeleka maji korongoni ulikuwa umekufa, katikati pamekuwa bakuli, na katika bakuli lile maji ya manyunyu yalikuwa yamekaa. Hayatiririki. Yalikuwa yanapungua tu, mbele ya macho yake, yanakwenda ndani. Akachukua fimbo akapekua majani upande wa juu, pembeni ya lile rundo la Kesho. Ufa ulikuwa pale, mrefu, umejificha kwenye nyasi. Fimbo ilizama hadi mkono ukagusa ardhi.

Kilima kilikuwa kinashuka. Kilikuwa kimesema hivyo kila siku, kwa vigingi, na kila alfajiri mwanamke mmoja alikuwa anakinyamazisha kwa mapenzi, na mwanamke mwingine anakuja nyuma yake kushukuru.

"Mama, lazima uhame leo."

"Sihami."

"Udongo unakuja. Hizo siyo salamu, Mama. Huo ni udongo."

Mama mkwe alilitupa jiwe lake chini, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali. "Unadhani nimeota mvi kwa kulala? Nilijua. Ndiyo maana nilivinyoosha. Ukiviona vimelala ungeving'oa, ungeweka vyako. Na mimi ningebaki na nini cha kwake? Kaburi lile la upande wa pili wa mji? Hapa ndipo mikono yake ilipo." Akaanza kushuka. "Mvua ikija na ije, itanikuta nyumbani kwangu."

Siku ile Kesho hakusema kesho. Injinia alimpeleka kwenye ufa, akamwambia aingize mkono. Kesho aliingiza hadi kwapani, akautoa, akaukagua kana kwamba si wake. "Ee Mungu wangu," alisema, "na mimi ndiye niliyemtwisha mzigo." Akavua koti.

Kazi yote ya kukata kilima ilisimamishwa saa hiyo hiyo. Rundo la udongo wa juu lilianza kuondolewa, na ekskaveta ikisimama nyuma mbali, kwenye ardhi ngumu, mkono tu ndio unaofika, maana kuipeleka mashine nzito ukingoni kungekuwa kumalizia kazi ya mvua. Malori yakabeba hadi getini, pale mpango ulipotaka tangu mwanzo. Wengine walijaza ufa kwa udongo wa mfinyanzi na kuushindilia, wakaufunika nailoni. Turubai zikatandazwa ubavuni. Chini, kwenye miguu ya kilima pale palipokatwa, wakapanga mawe makubwa ya kukiegemeza. Bwawa la tope nalo likavutwa maji kwa pampu hadi likabaki tupu.

"Sasa bwawa tupu la nini, Injinia?" Kesho aliuliza, akihema.

"Kilima kikishuka kikalikuta limejaa, kitayasukuma maji yote nyumbani kwa Mama kabla udongo haujafika. Likiwa tupu, litameza."

"Litameza chote?"

Injinia alikuwa ameshaanza kupanda kileleni.

Yalibaki yale ya juu. Mtaro mpya ulipaswa kupita nyuma ya ufa, kwenye ardhi isiyocheza, utandikwe nailoni na mawe usinyweshe kilima tone moja. Mtaro wa zamani ufukiwe. Hii ilikuwa na maana kwamba vigingi ving'olewe, na vibarua waliposikia hivyo kila mmoja akakumbuka ana kazi sehemu nyingine. Dereva wa katapila alisema waziwazi kwamba yeye ana watoto.

Injinia aliving'oa mwenyewe. Mama mkwe alitoka nje, akasimama kwenye ua wake akitazama juu, shuka limeshikwa kifuani. Injinia alikuwa anavuta kigingi, anapangusa udongo kwa gauni, anakilaza kwenye mkono. Kila namba aliyoisoma ilikuwa sauti ya mtu anayehesabu mezani kwao. Kufika cha mwisho hakuona tena namba, macho yalikuwa yamejaa. Alishuka na mzigo wake hadi kwa Mama, na Mama akanyoosha mikono miwili kupokea.

Injinia hakumpa. Alipitiliza, akavilaza kwenye gari nyuma, akafunga mlango.

"Vinakwenda kwangu, Mama," alisema. "Ukivitaka, vifuate."

 Mama mkwe alimwita jina moja la zamani, la matusi, ambalo mkwe haitwi, na Injinia aliinamisha kichwa akalipokea. Kisha Mama akaingia ndani, akatoka na kibegi na sufuria yake, akapanda gari, akakaa akiwa ameangalia nyuma njia nzima kuhakikisha mzigo haujaanguka.

Uwanja wa nyumba ya Injinia ulikuwa tambarare kabisa, wa kuchezea mpira. Jioni ile Mama alivipanda vigingi pale, mbele ya dirisha la chumba alichopewa, kwa mpangilio wa namba, vimenyooka sawasawa. Alivigonga kwa jiwe, ko, ko, na Injinia akiwa jikoni aliacha alichokuwa anapika, akasikiliza.

Mvua kubwa ilikuja mchana wa siku ya tatu, saa ambayo Mama hulala baada ya kula. Ilianza kwa upepo, kisha ikawa haina matone tena, ni maji tu. Injinia na Kesho walisimama getini wakiwa wamejifunika turubai moja. Mtaro mpya ulifanya kazi. Maji ya kileleni yaligeuka pembeni yakaingia korongoni yakinguruma juu ya mawe, wala hayakugusa ubavu. Kesho alianza kushangilia. Ndipo katikati ya kilima ikatoka sauti ya chini, nzito, ya kabati linaloburutwa chumba cha juu, na turubai za ubavuni zikajikunja zenyewe.

Hakikushuka chote. Kileleni palipoondolewa mzigo palibaki. Kilichoshuka ni kile kipande cha katikati, kilichokuwa kimeshalowa ndani siku zote zile. Kilipanda juu ya mawe ya miguuni, kikapungua nguvu, kikaingia bwawani. Bwawa likameza, likameza, likajaa. Mabaki yakavuka ukingo, yakalaza uzio wa kitambaa, yakaenda taratibu, bila haraka yoyote, hadi kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya bati, na ukuta ukaingia ndani.

Mvua ilipopungua walikwenda kutazama. Chumba cha mbele kilikuwa kikavu, kikombe kipo mezani. Chumba cha nyuma kilikuwa na udongo hadi dirishani. Kesho aliingiza beleshi, akachimba kidogo, akakuta mto wa kitanda. Akauacha pale pale, akatoka nje, akakaa juu ya jiwe akishika kichwa. Injinia alibaki mlangoni. Aliwaza kwamba kama kilima kingekuwa na rundo lile bado kichwani, kama bwawa lingekuwa na maji, hata chumba cha mbele kisingekuwepo. Halafu akawaza kitanda, na hakuwaza kingine tena.

Jioni alimweleza Mama yote. Mama alisikiliza hadi mwisho. "Kitanda changu?" aliuliza. Injinia akaitikia. Mama akaenda kulala bila kula, na lile jina la zamani halikutajwa tena ndani ya nyumba ile.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Injinia alitoka na mkoba wake kwenda saiti, kulikuwa na kilima cha kushona upya. Alipofika katikati ya uwanja akasimama.

Vigingi vyote vilikuwa wima. Isipokuwa cha kwanza. Hicho kilikuwa kimeinama, kichwa chake chekundu kimeelekea dirisha la chumba alicholala Mama.

Safari hii hakukagua kwa moyo. Aliweka mkoba chini, akatoa levo, akapima. Akapima na pembeni, hadi ukutani, hadi barabarani. Akapiga magoti akatafuta ufa kwa vidole kwenye nyasi zote zile. Ardhi ilikuwa tambarare, ngumu, haijasogea hata unywele. Nyayo hazikuwepo, zaidi ya zake. Dirishani alimsikia Mama akikoroma taratibu, usingizi wa mtu ambaye hajalala vizuri miezi mingi.

Akakishika kigingi pale kwenye rangi nyekundu. Mkono ulitaka kukinyoosha, na ungeweza, ni kazi ndogo. Akakiachia kama kilivyo.

"Umeamkaje, bwana wangu," akasema. Akachukua mkoba wake, akaenda kazini.